Jaji Anavyoipima Miaka

Jaji akishatamka kwamba mshtakiwa ana hatia, wasikilizaji wengi huona kesi imekwisha. Kwa jaji, kazi ngumu zaidi ndiyo kwanza inaanza. Katika kosa la kuua bila kukusudia, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inaweka kikomo cha juu peke yake, nacho ni kifungo cha maisha. Upande wa chini haukuwekewa ukuta: mtu anaweza hata kuachiliwa kwa masharti, arudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kati ya ncha hizo mbili jaji anatakiwa achague mahali pamoja, na aeleze kwa nini ni hapo.

Tuchukue wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Huku kusini, msimu wa korosho ni msimu wa mabibo pia, na mabibo hukamuliwa uraka. Watu hukutana kilabuni jioni wakiwa na fedha kidogo na uchovu mwingi. Maneno hupanda, na mkono hushika kilicho karibu. Ili tuone jaji anavyofanya kazi, nimetunga kesi ya aina hiyo. Watu wake hawapo, ila hatua zake ndizo ambazo jaji hupitia.

Kijana wa miaka 24, mkulima, amegombana na jirani yake kilabuni. Jirani amemtukana mbele ya watu, kisha akageuka kuondoka. Kijana ameokota ukuni jikoni kwa muuza uraka na kumpiga nao kichwani, pigo moja. Jirani ameanguka. Kijana ametafuta bodaboda, akampakia na kumshikilia mpaka Hospitali ya Wilaya ya Nachingwea, ambako jirani amefariki baada ya siku mbili. Kijana ameshtakiwa kwa mauaji, kosa lisilo na dhamana, kwa hiyo amekaa mahabusu miaka miwili. Siku ya kusomewa shtaka Mahakama Kuu, Jamhuri imekubali kulipunguza kuwa kuua bila kukusudia, naye amekiri.

Sasa jaji husikiliza pande mbili. Wakili wa Serikali husema kwamba Jamhuri haina kumbukumbu za makosa ya nyuma ya mshtakiwa, kisha huomba adhabu kali iwe fundisho kwa wengine. Wakili wa utetezi huomba huruma: mteja wake ni mkosaji wa kwanza, amekiri, ni kijana, alikuwa amelewa, anajutia, ana mke na watoto wawili wanaomtegemea. Sheria inamruhusu jaji kupokea taarifa zaidi kabla ya kuamua, kwa hiyo anaweza kuwasikiliza ndugu wa marehemu, au kutaka maelezo ya afisa ustawi wa jamii.

Jaji mzuri haanzi na huruma, wala haanzi na hasira. Anaanza na kitendo chenyewe. Mwongozo wa utoaji adhabu unaotumiwa na mahakama za Tanzania umeligawa kosa hili katika ngazi tatu. Ngazi ya juu, kama vile kuua kwa silaha ya hatari au kwa ukatili mkubwa, ni kuanzia miaka 10 hadi maisha. Ngazi ya kati ni miaka 4 hadi 10. Ngazi ya chini ni kuanzia kuachiliwa kwa masharti hadi miaka 4. Mkulima wa korosho anaujua mpangilio huu: ghalani, korosho hupangwa daraja kabla mtu yeyote hajataja bei. Anayetaja bei kwanza, kisha akatafuta daraja la kuihalalisha, ameharibu mnada.

Ukuni wa kijana wetu unaangukia wapi? Panga lililofuatwa nyumbani na kurudi nalo kilabuni lingempeleka ngazi ya juu moja kwa moja, kwa kuwa safari ile ya kwenda na kurudi ni nafasi ya kutafakari aliyokuwa nayo mtu akaikataa. Kofi moja lililomwangusha mtu juu ya jiwe lingemweka ngazi ya chini. Ukuni uliookotwa papo hapo, pigo moja, lakini kichwani: jaji atauweka ngazi ya kati, na tuseme aanzie miaka 7.

Hatua inayofuata ni kutafuta yanayolizidisha kosa uzito. Hapa umakini wa jaji huonekana katika yale anayokataa kuyahesabu. Kwamba mtu amekufa hakuwezi kuongeza mwaka hata mmoja, kwa sababu kifo tayari kimo ndani ya kosa lenyewe. Pasipo kifo kusingekuwa na shtaka hili. Kichwa kama sehemu ya mwili iliyopigwa nacho kimeshatumika kuchagua ngazi. Kukihesabu tena ni kumtoza mtu mara mbili kwa jambo moja. Kinachobaki ni kwamba marehemu alikuwa amegeuka kuondoka. Ugomvi ulikuwa unakwisha, na kijana ndiye aliyeufufua. Kwa hilo jaji anaongeza mwaka 1, inakuwa 8.

Upo mtego mwingine ambao huwanasa hata wenye uzoefu. Shtaka lilianza kama mauaji, na pengine moyoni jaji anaamini kijana alikusudia kuua. Lakini Jamhuri imelikubali kosa dogo, na maelezo yaliyosomwa na kukubaliwa na mshtakiwa hayasemi kulikuwa na kusudio. Jaji amefungwa na maelezo hayo. Akimwadhibu kijana kwa kusudio ambalo halikuthibitishwa, amemhukumu kwa kesi ambayo haikusikilizwa.

Ndipo yanapokuja yanayopunguza, nayo pia hayana uzito sawa. Ulevi ambao wakili ameutaja hausaidii sana, maana uraka hakulazimishwa kuunywa. Jaji anaweza kuutumia kuelewa kilichotokea bila kuutoza wala kuulipa. Mke na watoto ni jambo la kweli na la kuumiza, lakini karibu kila anayesimama kizimbani anao wanaomtegemea, na marehemu naye ameacha wake. Uzito uko kwenye ile bodaboda. Mtu aliyempakia majeruhi na kumshikilia njia nzima, akijua kwamba hospitalini atakutana na polisi, ameonyesha majuto kwa kitendo, wakati ule ule, kabla hajawa na wakili wa kumfundisha la kusema. Jaji anayesoma jalada kwa makini huutafuta ushahidi wa namna hii, kwa sababu majuto ya mdomoni siku ya adhabu hayapimiki kirahisi. Kwa bodaboda, ujana na rekodi safi, anapunguza miaka 2. Tumefika 6.

Kukiri kosa kunahesabiwa peke yake, na mahakama zetu kwa kawaida hukupa thamani ya theluthi moja. Aliyekiri mapema ameokoa muda wa mahakama, na amewaondolea ndugu wa marehemu mateso ya kusimama kuueleza tena usiku ule. Theluthi ya 6 ni 2, inabaki 4. Mwisho inatazamwa miaka miwili ya mahabusu, ambayo haiwezi kufanywa kana kwamba haikuwapo. Inabaki miaka 2.

Jaji asiye makini angesimama hapo, kwa kuwa hesabu imekubali. Jaji ninayemstahi huiweka namba ile mezani na kuiuliza itafanya kazi gani. Je, inatosha kuonyesha kwamba uhai wa jirani ulikuwa na thamani? Kifungo chote, ukiunganisha na mahabusu, ni miaka 4, nayo si midogo kwa pigo moja la hasira. Je, itawaonya wengine? Hapa hujihadhari, maana kijana huyu hawezi kubebeshwa makosa ya kilabu kizima. Onyo linaweza kumzuia jaji asishuke zaidi, lakini haliwezi kumpandisha mtu juu ya kile kitendo chake kinachostahili. Je, jamii inahitaji kulindwa dhidi yake? Rekodi safi na ile bodaboda vinasema hapana. Je, atarekebika? Kwa mtu wa miaka 24 kila mwaka wa ziada gerezani una gharama, na siku moja atarudi kuishi kijiji kile kile na ndugu wa marehemu. Ikiwa familia mbili zimeshakaa na kusameheana, jaji atalipa jambo hilo nafasi, ingawa msamaha wa familia haufuti mashtaka ya Jamhuri. Malengo haya huvutana. Yakiisukuma namba mbali sana na pale hatua zilipoifikisha, jaji hurudi nyuma kutafuta aliteleza wapi.

Jaji mwingine angeweza kuanzia 6 au 8, na asingekuwa amekosea. Mahakama ya Rufani imeshikilia tangu zamani, na katika uamuzi wa 1981 ambao hadi leo hunukuliwa sana, kwamba haibadilishi adhabu kwa sababu tu yenyewe ingetoa nyingine. Itaingilia pale adhabu inapokuwa kubwa kupita kiasi au ndogo kupita kiasi kwa namna inayoonekana wazi, au jaji alipoacha jambo la maana, au alipofuata kanuni isiyo sahihi. Ndiyo maana sababu zilizoandikwa ni za lazima. Uamuzi unaosema “nimezingatia yote yaliyosemwa na pande zote” kisha ukataja miaka 15 haumwonyeshi yeyote jaji alipita wapi. Ule ulioandika kwamba ukuni umehesabiwa mara moja, ulevi haukuhesabiwa, na kukiri kumepewa theluthi, unaweza kupingwa hatua kwa hatua. Na tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mkulima wa Ruangwa anaweza kuufuata mwenyewe.

Kazi hii ina mpaka wake, na mpaka umewekwa na sheria. Kwa unyang’anyi wa kutumia silaha, sheria imeshasema miaka isiyopungua 30. Kwa mauaji ya kukusudia imeacha adhabu moja tu, kunyongwa hadi kufa, isipokuwa kwa mjamzito na kwa aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa. Wakili anaweza kuitaja ile bodaboda, na jaji hana mahali pa kuiweka. Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi, kwa sababu unamnyang’anya jaji nafasi ya kumpima mtu na kitendo chake. Ukishamwona jaji akihangaika na mwaka mmoja kwa ajili ya jirani aliyekuwa amegeuka kuondoka, uamuzi wa Arusha unaeleweka bila kuhitaji mwanasheria. Haki ya kuadhibu anayo yule aliyesikiliza kwanza, na kusikiliza kusikoweza kubadili chochote si kusikiliza.