Mbavu za Kiswahili, Tumbo la Kijerumani

Wapo waandishi wenzetu wanaoamini kwamba nahau za viungo vya mwili ndizo rahisi kuliko zote kutafsiri. Mwili ni uleule, wanasema, hata Mjerumani ana mbavu. Ni kweli anazo, ila hachekei huko.

Jambo hili si la mbali kwetu watu wa ziwani. Riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyoiandika kwanza kwa Kikerewe kisha akaigeuza Kiswahili mwenyewe, ilitafsiriwa kwa Kijerumani na Wilhelm Möhlig, na kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1991. Kesho yaweza kuwa zamu ya hadithi yako, msomaji.

Haya, tuseme umeandika: “Kondakta wa Kisesa alituvunja mbavu njia nzima, halafu akatuvunja moyo: gari linaishia Igoma.” Mtafsiri akienda neno kwa neno, amekwisha. Msomaji wa Kijerumani atatafuta hospitali, maana mbavu zimevunjika kweli. Kwenye moyo ndiyo balaa kabisa. Kwake, kuvunja moyo wa mtu, “das Herz brechen”, ni jambo la mapenzi na majonzi. Atadhani abiria wote walimpenda kondakta wakaachwa kwenye mataa! Sisi tulikata tamaa tu ya kufika.

Kwa moyo, Mjerumani ana msemo wake wa kumnyang'anya mtu ujasiri, “den Mut nehmen”. Mbavu ndizo zinazosumbua. Yeye hucheka mpaka akajishika tumbo, “sich den Bauch halten”, na hapo anakaribiana na yule wetu anayeshika mbavu. Au hujicheka mpaka akapinda, “sich schieflachen”. Lakini angalia nani anatenda. Kwetu kondakta ndiye anayevunja, abiria wanavunjwa. Kwao anayecheka hujipinda mwenyewe, na kondakta anatoweka kwenye sentensi! Lazima mtafsiri amrudishe kwa kuongeza kitenzi, aseme kondakta alitufanya tujishike matumbo. Ni ndefu kidogo, lakini mchekeshaji yumo.

Kiswahili chenyewe kina mlango mwembamba hapa. “Alituvunja mbavu” ni kicheko. Sema “alivunja mbavu zetu”, hapo tunaitana polisi. Ile “-tu-” iliyokaa ndani ya kitenzi ndiyo inayobeba utani, na ukiiondoa nahau inakufa hata kabla haijavuka mpaka. Nimeona hadithi za vijana zinazoandika “zetu” ili sentensi ionekane ya kisomi. Acheni, jamani.

Na wao wana mivunjiko yao. Mjerumani anayeumiza kichwa kwa mawazo husema anajivunja kichwa. Rafiki yake akienda kwenye mtihani, humtakia heri kwa “Hals- und Beinbruch”, yaani shingo ivunjike na mguu uvunjike. Mtamkie hayo mtu anayepanda kivuko pale Kamanga, uone kama hatashuka.