Hoja Moja na Dola Elfu: Jinsi Pepsodent Ilivyotangazwa

Mwenye bidhaa njema aghalabu hudhani kuwa kila sifa ya bidhaa yake yastahili kutajwa, na kwa hivyo hulijaza tangazo lake sifa kumi zinazosongamana, hata msomaji akafika mwisho bila ya kushika hata moja. Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo katika shirika la Lord na Thomas la Chicago, alikwenda njia nyingine kabisa, na namna alivyoitangaza dawa ya meno ya Pepsodent katika muongo wa pili wa karne ya ishirini yafaa ichambuliwe hatua kwa hatua, kwa kuwa mwenyewe aliisimulia katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1927.

Alipoletewa kazi hiyo alisita. Hakuona njia ya kuwafahamisha watu wasio matabibu nadharia ya kitabibu iliyotegemewa na dawa ile, na alikubali tu baada ya kupewa haki ya kununua hisa za kampuni, ili matangazo yakifaulu naye apate fungu lake. Kisha akaketi kusoma vitabu vya matabibu wa meno, kimoja baada ya kimoja, usomaji mkavu usio na ladha, hata katikati ya kitabu kimoja akakuta maelezo ya ute unaoganda juu ya meno. Ute huo akauita utando, na hapo akawa amepata hoja yake.

Tuitazame hoja hiyo kwa karibu. Matangazo yake yalimtaka msomaji apitishe ulimi juu ya meno yake, naye alipofanya hivyo aliuhisi utando papo hapo, kinywani mwake mwenyewe, bila ya kuhitaji shahada ya tabibu yeyote. Baada ya ushahidi huo ndipo alipoelezwa kuwa utando ndio unaoyafifisha meno, na kuwa Pepsodent huuondoa. Ilikuwa hoja moja tu, yenye ithibati ambayo msomaji hujipatia mwenyewe kwa dakika moja, na mambo mengine yote yaliyowezekana kusemwa juu ya dawa ile, kama ladha yake, bei yake na viungo vyake, yaliwekwa nyuma.

Lakini hoja hiyo ilikuwa na nyuso mbili, na hapa ndipo penye kiini cha uchambuzi huu. Utando ungeweza kuelezwa kuwa chanzo cha maradhi ya meno na fizi, au kuelezwa kuwa pazia linaloficha uzuri wa tabasamu. Akili ya kawaida ingechagua maradhi, maana nani asiyeogopa kung'olewa jino? Hopkins hakuiachia akili ya kawaida iamue. Aliyapima matangazo kwa hesabu ya watu waliojibu, na hesabu ikamwonyesha kuwa watu hawajishughulishi sana kujikinga na balaa ambayo haijawafika, ilhali wako tayari kutoa fedha leo kwa ajili ya uzuri wanaoutamani leo. Tangu hapo picha zake zikawa za watu wenye meno mazuri, wala si za meno yaliyooza.

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Katika tangazo paliwekwa kuponi ya kukatwa na kupelekwa kwa posta, nayo ilimpatia msomaji tyubu ndogo ya kumtosha siku kumi. Kuponi zenye kupimwa namna hii hutiwa alama, kwa mfano namba ya idara iliyo tofauti katika anwani ya kila tangazo, ili barua ikifika ijulikane imeletwa na gazeti lipi na maneno yepi. Gharama ya tangazo hugawanywa kwa idadi ya majibu, na bei ya kumpata mtu mmoja hudhihirika. Sharti lake ni kwamba baina ya tangazo na tangazo kibadilishwe kitu kimoja tu: gazeti liwe lile lile, ukubwa ule ule, siku ile ile ya juma, na hoja peke yake ndiyo itofautiane, vinginevyo hutajua kama msomaji alivutwa na hoja au na ukurasa.

Wengi hukosea katika kuisoma hesabu. Tuseme mfanyabiashara ametoa matangazo mawili madogo, kila moja kwa shilingi 60,000, la kwanza likaleta majibu 20 na la pili 30. Kila jibu la tangazo la kwanza limemgharimu shilingi 3,000 na la tangazo la pili 2,000, naye hufurahi akadhani amepata mshindi. Haraka hiyo haifai, kwa maana idadi ndogo huchezewa na bahati. Kanuni nyepesi ni kujumlisha majibu yote, hapa 50, kutafuta kipeuo chake cha pili, ambacho ni karibu 7, na kukizidisha mara mbili kupata 14. Tofauti ikiwa chini ya hapo, kama hii ya 10, haijathibitisha kitu, na lililo bora ni kurudia kipimo. Lau la pili lingeleta majibu 40, jumla ingekuwa 60, kanuni ingedai tofauti ya 16 hivi, na tofauti ya 20 ingetosha kuaminiwa.

Kasoro nyingine ni ya hila zaidi, nayo ni kumpima mtu asiyekusudiwa. Tangazo linalopaza neno la bure katika kichwa chake huweza kuvuna kuponi tele kutoka kwa wapenda vya bure, ambao tyubu ikiisha hawaendi dukani. Katika Pepsodent, Hopkins aliacha kuitukuza tyubu ya bure, akaiweka mwishoni, kwa hoja kwamba anayeahidiwa uzuri hapendezwi kuonyeshwa kwanza kitu rahisi cha kupewa. Kwa sababu hiyo kuponi pekee haitoshi kuwa hakimu. Lazima yatazamwe pia mauzo ya madukani katika mji ule ule.

Na ndivyo Hopkins na wenye kampuni walivyofanya. Katika mji wa kwanza wa majaribio zilitumiwa dola 1,000, nazo zikarudi pamoja na faida kabla ya kufika siku ya kulipa hati ya madai ya matangazo yenyewe. Mimi naona busara kubwa katika hatua iliyofuata, kwa sababu hawakurukia nchi nzima; walijaribu miji mingine, wakaona matokeo yaleyale, na ndipo walipokwenda kwa wenye mitaji wakiwa na kumbukumbu ya hesabu mkononi, si matumaini. Mji mmoja waweza kuwa na duka moja hodari au mshindani aliyelala. Miji kadhaa haiwezi kushirikiana katika bahati hiyo.

Yapasa kuongezwa kwamba hoja iliyoshinda haikuwa ya Pepsodent peke yake, kwani mswaki na dawa nyingine yoyote huuondoa utando, nao hurudi baada ya muda mfupi. Hopkins alikwisha kuitumia mbinu hiyo kabla, alipoitangaza bia ya Schlitz ya Milwaukee kwa kueleza jinsi chupa zilivyooshwa mara nne kwa mashine, jambo lililokuwa ada ya viwanda vingine vilivyonyamaza. Aliyetangulia kulisema ndiye aliyelimiliki. Lakini kipimo cha kuponi hakina uwezo wa kuonyesha kama dai lapita kiasi cha ukweli. Huonyesha tu kama lauza, na tabasamu lililong'aa katika picha halikumkinga mnunuzi na kuoza kwa jino. Suala la ukweli wa dai hujibiwa na tabibu kabla ya tangazo la kwanza kupelekwa kwa mpiga chapa.