Gauni lililoharibikia presingi: namna ya kuandika barua inayolipwa

Tuchukue bibi harusi wa Butembo aliyekodi gauni kwa mama mmoja wa Beni. Alilipa dola 80 za kukodi na kuacha dola 100 za dhamana. Baada ya harusi alilipeleka presingi pale Butembo, akalipa dola 15. Aliporudi kulichukua, sketi ilikuwa na madoa ya kahawia yasiyokuwapo alipolivua, na shanga za kifuani zilikuwa zimechujuka, nyingine zimenatana mbili mbili. Usiku uleule akaandika barua: “Baba, mumeliharibu gauni langu, mumenitia haya mbele ya wakwe, nataka dola 600 kabla ya kesho, bila hivyo naleta polisi.”

Uchungu wake nauelewa kabisa. Lakini barua hiyo isingemletea hata dola moja. Mwenye presingi angejibu kwa sentensi mbili tu: madoa ni ya soda yenu ya harusini, na shanga ni za bei rahisi. Kuhusu madoa, angekuwa na haki.

Soda na shampeni zisizo na rangi zinapomwagika juu ya nguo nyeupe hukauka bila kuonekana. Sukari inabaki ndani ya uzi. Dawa ya presingi inayoondoa mafuta haiyeyushi sukari, kwa hiyo nguo ikitoka kwenye mashine na kupigwa pasi ya moto, sukari ile inaungua na kuwa kahawia. Doa la namna hiyo hutambulika kwa umbo lake: limetapakaa kama kitu kilichomwagika, na ukingo wake umekoza kuliko katikati. Doa la kutu kutoka kwenye pasi ya mvuke ni tofauti. Hilo huwa vitone vya rangi ya machungwa, mahali pasi ilipotulia, na maji ya uvuguvugu hayalifanyi kitu, wakati doa la sukari ambalo halijaungua sana hulegea kwa maji hayohayo. Madoa ya bibi harusi wetu yalikuwa na ukingo uliokoza. Soda ilitoka harusini kweli.

Je, fundi wa presingi hana kosa basi? Analo, ila ni dogo, nalo linahitaji kusemwa kwa kipimo chake. Anayefanya kazi hii anajua kwamba gauni la harusi halikosi soda, na kabla ya kuweka moto anapaswa kuuliza au kupitisha maji kidogo sehemu ya mbele ya sketi. Ndiyo maana barua ya pili ya bibi harusi, ile ninayoisifu, haikudai fedha kwa ajili ya madoa. Ilimtaka ayatibu tena kwa maji, bila malipo, mwenye gauni akiwepo.

Nguvu yote ya barua ikabaki kwenye shanga. Hapo jambo ni jingine, kwa sababu soda haiyeyushi shanga. Shanga nyingi za magauni yanayoletwa na wafanyabiashara wetu kutoka Guangzhou na Dubai ni za plastiki iliyopakwa rangi ya lulu, na nyingine hubandikwa kwa gundi badala ya kushonwa. Perkloroethilini, dawa ya kawaida ya mashine za kufua bila maji, huyeyusha aina kadhaa za plastiki hiyo na kulainisha gundi. Shanga iliyopitia humo hupoteza ngozi yake ya lulu, hufifia, hunata kidoleni, na ikikauka karibu na mwenzake zinashikana. Kama uharibifu ungetokana na kuvutwa au kusuguliwa, ungeona nyuzi zilizokatika na nafasi tupu, lakini shanga zilizobaki zingekuwa bado zinang'aa. Tofauti hiyo mtu yeyote anaweza kuiona kwa macho yake mchana.

Halafu kuna kitambulisho kilichoshonwa ndani, kwenye mshono wa ubavu. Duara lenye herufi P huruhusu perkloroethilini. Lenye herufi F huruhusu dawa nyepesi za jamii ya petroli peke yake. Duara lililopigwa msalaba hukataza dawa zote hizo. Gauni hili lilikuwa na msalaba. Kama lingekuwa na P, mwenye presingi angeweza kusema alifuata maelekezo na lawama ni ya kiwanda, na dai lingedhoofika sana. Kwa msalaba ule, onyo lilikuwa mbele ya macho yake.

Sheria yenyewe ni fupi. Kitabu cha Tatu cha sheria ya kiraia ya Kongo, kinachotokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema katika kifungu cha 258 kwamba aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuirekebisha, na katika kifungu cha 33 kwamba makubaliano halali ni sheria kwa walioyafanya. Kwa hiyo barua ionyeshe hasara, kosa, na uzi unaoviunganisha. Sehemu ya kati ya barua ya pili ilisomeka hivi:

“Baba, kwa heshima. Nilikuachia gauni jeupe lenye shanga nzima kifuani, na risiti yako haikuandika kasoro yoyote. Kitambulisho cha ndani kina duara lenye msalaba. Nililipokea shanga zikiwa zimechujuka na kunatana, nikakuonyesha palepale mbele ya mfanyakazi wako. Naomba dola 90 za kubadilisha shanga, kadiri ya karatasi ya fundi wa kushona ninayoambatanisha; dola 80 za mteja mwingine wa mama wa Beni aliyekuwa ameshalipia kukodi gauni hili na akarudishiwa fedha; na dola 15 nilizokulipa. Jumla ni dola 185.”

Angalia kisichokuwamo. Dhamana ya dola 100 haimo, kwa sababu mama wa Beni anaishikilia kwa ajili ya uharibifu uleule; kuidai tena pamoja na ukarabati ni kudai kitu kimoja mara mbili. Bei ya gauni jipya haimo, maana fundi wa kushona ameandika kwamba linatengenezeka. Haya mbele ya wakwe nayo haimo. Mimi ningeiacha pia, kwa kuwa haina karatasi, na dai lisilo na karatasi humpa mpinzani mahali pa kuanzia ubishi.

Polisi nao waliondolewa, na hilo ni sahihi. Hili ni dai la kiraia. Tangu utawala wa kijeshi ulipotangazwa Kivu Kaskazini mwezi Mei 2021, kesi za jinai ndizo zilizohamishiwa mahakama za kijeshi. Ugomvi wa malipo ya gauni haukuwa miongoni mwake. Barua ya pili ilitoa siku nane, ikasema baada ya hapo jambo litapelekwa kwanza kwa shefu wa kartye ili wapatane, kisha mahakama ya amani. Kwa dola 185 upatanisho unafaa kuliko kesi, kwa sababu gharama za mahakama na za njia kati ya Beni na Butembo zinaweza kula nusu ya fedha hiyo.

Andika nakala mbili, na ile unayobaki nayo mwenye presingi aitie sahihi na tarehe ya kupokea. Piga picha ya kitambulisho na ya shanga kwa karibu. Na usimpe fundi wa kushona gauni aanze kubadilisha shanga kabla mwenye presingi hajaja kuziangalia mwenyewe, kwani shanga zilizonatana ndizo ushahidi wako mkubwa.