Karanga Kwanza, Majani Mwisho

Mboga ya karanga huliwa pande zote mbili za mpaka wa Tunduma, na ng'ambo ya pili, Zambia, Wabemba huiita ifisashi. Utamu wake hauna ubishi. Rangi yake ndiyo yenye maneno: sahani nyingi hufika mezani zikiwa na majani yaliyogeuka kahawia, yamelegea hadi huwezi kusema kama ulikuwa mchicha au mgagani. Wapishi husingizia mbegu, wengine husingizia sufuria. Kwa maoni yangu tatizo ni mpangilio tu. Unga wa karanga mbichi unataka robo saa au zaidi jikoni ili uive. Mchicha mchanga unataka dakika tatu. Vyote viwili vikiingia sufuriani kwa pamoja, mchicha ndio unaosubiri, na kusubiri ndiko kunakouharibu.

Mama lishe mmoja ninayemfahamu huko Mbangala, Wilaya ya Songwe, hutenganisha kazi hizo mbili kabisa, na mboga yake hutoka kijani hata ikiwa na karanga tele. Nitaeleza anavyofanya kwa nusu kilo ya majani yaliyokwisha kuchambuliwa, nusu mchicha na nusu mgagani, kiasi cha kutosha watu wanne au watano wenye ugali.

Anaanza na karanga. Kikombe kimoja cha karanga zilizotwangwa na kuchekechwa anakikoroga kwa vikombe viwili vya maji ya baridi, ili kusiwe na mabonge. Kitunguu anakikaanga kwa mafuta ya alizeti, anaongeza nyanya mbili zilizokatwakatwa, anazipika hadi zirojeke na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Hapo anamimina uji wa karanga, anapunguza mkaa na kukoroga hadi chini kabisa, kwa sababu karanga hushika sufuria upesi na harufu ya kuungua haitoki tena. Anajua zimeiva anapoona matone ya mafuta yakielea juu na ile harufu ya ubichi imekwisha. Rojo anaiacha iwe nzito kuliko atakavyoila, kwa kuwa majani yatakuja na maji yake.

Wakati huo sufuria nyingine kubwa iko motoni na maji lita tatu na kijiko kidogo cha chumvi, yanachemka kwa nguvu. Mgagani unatangulia. Anautumbukiza na kuuacha dakika tano hadi saba, sufuria ikiwa wazi, kisha anauchuja na kuyamwaga maji yale, ambayo kwa wakati huo yamekuwa machungu. Anabandika maji mengine, na yakichemka unaingia mchicha kwa dakika mbili, tatu ukiwa na vishina. Unatolewa, unamwagiwa maji ya baridi, unakamuliwa kidogo kwa mkono. Mwisho majani yote yanaingia kwenye rojo ya karanga, anageuza kwa mwiko, na baada ya dakika mbili sufuria inaipuliwa.

Kwa nini inafanya kazi? Rangi ya kijani ya jani hutokana na klorofili, na katikati ya kila chembe ya klorofili kuna magnesi. Asidi ikikutana na klorofili kwenye joto, huing'oa ile magnesi, na kinachobaki kina rangi ya zeituni, kisha kahawia. Asidi ya kwanza haitoki mbali. Imo ndani ya jani lenyewe, imefungiwa kwenye vifuko vidogo, na joto linapovipasua humwagika na kuikuta klorofili. Ukiangalia kwa makini utaona hatua hizo kwa macho. Sekunde chache baada ya jani kuzama kwenye maji yanayotokota, kijani chake hukolea kuliko lilipokuwa mbichi, kwa sababu hewa iliyokuwa katikati ya nyama ya jani imefukuzwa. Kijani hicho hudumu kwa dakika chache. Kuanzia kama dakika ya tano hadi ya saba kinaanza kufifia, na baada ya hapo hakirudi.

Maji mengi yanasaidia kwa njia mbili. Yanaizimua ile asidi, na hayapoi sana majani yanapoingia. Nusu kilo ya majani kwenye maji kidogo huyazima kabisa, na kwenye jiko la mkaa zinaweza kupita dakika nne kabla hayajatokota tena, muda wote huo jani likiwa linapashwa tu. Kama sufuria ni ndogo, gawa majani mara mbili. Mfuniko nao una kesi yake: sehemu ya asidi ya jani hupanda na mvuke, na ukifunika, mvuke hugonga mfuniko na kudondosha asidi hiyo hiyo sufuriani. Ndiyo maana mboga iliyofunikwa hugeuka mapema.

Asidi ya pili ni ya nyanya, na hii huharibu mambo mawili kwa mpigo. Inaua kijani, na inachelewesha kulainika. Kinachoshikilia kuta za seli za jani pamoja ni pektini, na pektini huyeyuka taratibu sana palipo na asidi. Kwa hiyo mpishi anayeweka nyanya na mchicha pamoja tangu mwanzo huona majani bado magumu, anaongeza muda ili yalainike, na muda ule ule unamaliza rangi iliyobaki. Yule mama wa Mbangala ana nyanya kwenye rojo yake, lakini majani yanakutana nayo yakiwa yamekwisha kulainika, na kwa dakika mbili tu.

Wengi wanajua njia ya mkato: magadi. Magadi ni kinyume cha asidi, hivyo hulinda kijani na kuyeyusha pektini haraka, na mgagani mkaidi hulainika kabla haujageuka. Siwezi kusema hayafai, maana vizazi vimekula mboga za magadi na za maji ya majivu. Lakini kipimo chake ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Robo kijiko cha chai kwa lita tatu ni nyingi tayari. Ukizidisha, kijani kinang'aa kupita kawaida, maji yanateleza vidoleni, jani linavunjikavunjika kabla halijafika mdomoni, na ladha ya sabuni inajitokeza. Vitamini C nayo huharibika upesi zaidi kwenye magadi. Mimi ningeyaacha kwa mchicha, ambao hauyahitaji kabisa, na kuyafikiria kwa mgagani uliokomaa tu.

Kuna mahali ambapo rangi na ulaini huachana, na hapo wapishi hodari hushangaa. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi, yale ambayo sabuni haitoi povu na birika hubaki na ukoko mweupe, yanaweza kukupa mboga ya kijani safi lakini inayotafunika kama ngozi. Kalsiamu iliyomo kwenye maji hayo huikaza pektini. Hapo dakika za ziada husaidia kidogo. Kinachosaidia zaidi ni kutumia maji ya mvua kama yapo, au maji ya mto yaliyochujwa.

Mwinuko pia unaingia kwenye hesabu. Kila mita 300 unazopanda, maji huchemka kwa joto la chini kwa takriban nyuzi moja. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanayotokota pale yana nyuzi 95 hivi, si 100. Wilaya ya Songwe iko chini zaidi, upande wa bonde la Ziwa Rukwa, na maji yake yana moto zaidi. Mpishi anayehamia Tunduma kutoka Mbangala na saa yake kichwani atakuta vishina bado vinakatika kwa shida, na itabidi aongeze dakika moja au mbili. Aziongeze bila kufunika.

Hata hivyo ugumu mwingine haumalizwi na moto wowote. Shina la mchicha likikomaa huota nyuzi ambazo maji ya moto hayaziwezi. Kulipima ni rahisi unapochambua: likunje kwa vidole viwili. Likikatika kwa mlio, liingize sufuriani. Likijikunja na kuacha uzi, tupa, chukua majani yake tu. Kwa mgagani angalia ncha. Ukishatoa maua, na hasa jua likiwa limeupiga bila mvua, uchungu wake huzidi. Uchungu huo ni wa ukoo mmoja na ule wa haradali na kabichi, na sehemu kubwa huyeyuka kwenye maji, ndiyo sababu maji ya kwanza humwagwa. Kinachobaki hupozwa na karanga. Wakisii na Wajaluo wa Kenya hutumia maziwa kwa kazi hiyo, wakiupika mgagani uliochemshwa kwa moto mdogo pamoja na maziwa, wakati mwingine hadi siku ya pili. Ukiiga njia yao, nyanya usiziweke: maziwa yatakatika.

Kumwaga maji kuna gharama, na ni haki kuitaja. Vitamini C na folati huondoka nayo kwa kiasi kikubwa. Kinachobaki ni karotini, ambayo haiyeyuki kwenye maji, na mafuta ya karanga huusaidia mwili kuifyonza. Kwa upande mwingine, maji ya mchicha huondoka pia na sehemu ya oksalati, na mwenye historia ya mawe ya figo ana sababu ya kuyamwaga kila mara. Asiye na tatizo hilo, na mwenye mchicha mchanga mikononi, anaweza kuacha kuchemsha kabisa: sufuria pana, mafuta ya moto, majani yenye maji ya kuoshea tu, dakika tatu za kugeuzageuza bila mfuniko, kisha rojo ya karanga. Mgagani haukubali njia hiyo.

Mchicha mwekundu usikutishe. Maji yake hugeuka waridi kwa kuwa rangi yake nyekundu si klorofili na huyeyuka upesi, na rojo ya karanga itapata wekundu kidogo hata ukifuata kila hatua.

Mama lishe huyu wa Mbangala hachanganyi sufuria yote asubuhi. Majani yaliyokamuliwa hukaa kwenye bakuli lake, rojo kwenye sufuria yake, na kila mteja akiagiza huchanganyiwa ya kwake. Wa saa nane mchana anapata kijani kile kile cha wa saa sita, ilimradi majani yamekaa kivulini na hayajalala hadi kesho.