Rangi tatu kwenye picha ya bandeleti: zinasema nini, zinanyamaza wapi

Chukua mfano huu. Mama mwenye mimba ya wiki 34 anafika kliniki ya wajawazito katika kituo cha afya cha Kasenyi, kando ya Ziwa Alberti, mkoani Ituri. Kichwa kinamuuma. Muuguzi anachovya bandeleti kwenye mkojo wake, anaipiga picha kwa simu na kuituma kwa daktari aliyeko Bunia. Kwenye picha kibandiko cha protini ni kijani, cha damu kina madoa ya kijani, na cha glukosi nacho ni kijani. Daktari amwambie muuguzi nini?

Kabla ya kusoma rangi yoyote, daktari anahitaji mambo mawili ambayo picha hiyo haina: kikopo na saa. Kikopo kinahitajika kwa sababu viwanda havitumii rangi zilezile. Kwenye bandeleti za Multistix, kibandiko cha glukosi huanza na samawati iliyochanganyika na kijani mkojo ukiwa hauna sukari, kisha huelekea kahawia sukari inapozidi. Kwenye Combur huanza na njano na kuelekea kijani. Kwa hiyo kijani hicho kimoja kinaweza kumaanisha hakuna sukari kwa bandeleti moja, na sukari nyingi kwa nyingine. Chati ya rangi iliyobandikwa kwenye kikopo kilekile ndiyo pekee inayoweza kuamua, nayo lazima iwe ndani ya picha ileile, kando ya bandeleti.

Saa inahitajika kwa sababu rangi haisimami. Kwenye Multistix, glukosi husomwa sekunde 30 baada ya kuchovya, damu na protini sekunde 60. Zikipita dakika 2, mabadiliko ya rangi hayana tena maana ya kitabibu. Picha iliyopigwa baada ya muuguzi kumhudumia mgonjwa mwingine kwanza huonyesha kitu ambacho mkojo haukusema.

Kisha kuna mwanga. Kibandiko cha protini huanza njano, kikawa kijani, kikaelekea buluu. Chini ya taa ya manjano, kijani hafifu hurudi kuonekana njano na protini ikapotea machoni. Kwenye kivuli chenye mwanga wa kibuluu mambo hugeuka: njano safi huonekana kama kijani. Simu nayo husahihisha rangi yenyewe bila kuuliza. Dawa yake ni karatasi nyeupe chini ya bandeleti, chati pembeni, mwanga wa mchana wa dirishani, na flashi imezimwa. Picha ikiharibu rangi, itaharibu ya chati pia, na ulinganisho utabaki.

Muuguzi anaombwa kurudia kipimo: mama ajisafishe kwa maji, aache mkojo wa mwanzo upite, akinge wa katikati. Picha ya pili inakuja na kikopo cha Multistix na chati, imepigwa sekunde ya 60. Protini inalingana na 2+. Damu imebaki kidogo sana. Glukosi, ambayo muuguzi aliisoma kwa macho kwenye sekunde ya 30, imefika alama ya kwanza juu ya sifuri. Shinikizo la damu ni 150/100.

Protini kwanza, kwa sababu ndiyo inayoamua safari ya leo. Kibandiko hicho kina rangi inayobadilika inaposhikana na albumini, na alama ya 2+ inawakilisha takriban miligramu 100 kwa kila desilita. Huo ni ukolezi tu. Madaktari hutafuta kiasi cha siku nzima, na katika ujauzito mpaka wake ni miligramu 300 kwa saa 24. Mama anayekojoa lita moja kwa siku kwa ukolezi huu anapoteza gramu moja. Lakini mwingine anayekunywa maji mengi na kukojoa lita 3 zenye miligramu 15 kwa desilita anapoteza miligramu 450, amevuka mpaka, na kibandiko chake huenda kikaonyesha dalili hafifu tu au kisionyeshe chochote. Kwa upande wa pili, mkojo mzito wa alfajiri, uchafu wa ukeni, mkojo wenye alkali nyingi au mabaki ya klorheksidini huweza kupandisha rangi bila figo kuwa na kosa.

Ndiyo maana protini haisomwi peke yake. Shinikizo la 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, likiandamana na protini, linaashiria priklampsia, hali inayoweza kufikia kifafa cha mimba. Mama wetu ana vyote viwili, na kichwa kinamuuma. Anapaswa kupelekwa hospitali leo. Na kama kibandiko kingebaki njano, shinikizo hilo na maumivu hayo ya kichwa yangetosha kumpeleka, kwa kuwa priklampsia inaweza kuwapo bila protini kuonekana kwenye mkojo.

Kibandiko cha damu hakioni damu yenyewe. Huitikia himoglobini, na pia mayoglobini inayotoka kwenye misuli iliyoumia. Madoadoa huashiria chembe nyekundu nzima zilizopasukia pale kwenye kibandiko, na rangi iliyoenea sawasawa huashiria himoglobini iliyokwisha kuyeyuka, ingawa chembe zikiwa nyingi mno madoa huungana. Katika Ituri yenye malaria nyingi, rangi iliyoenea kwa mgonjwa mwenye homa na mkojo mweusi, ilhali hadubini haioni chembe, inadai daktari afikirie kupasuka kwa chembe ndani ya mishipa.

Msomaji aliyesoma kuhusu Pemba au Unguja atakumbuka kwamba huko kibandiko hiki kimetumika kutafuta kichocho cha kibofu. Kichocho kilichoenea kandokando ya Ziwa Alberti ni cha aina nyingine, mansoni, ambacho hukaa kwenye mishipa ya utumbo, na mayai yake hutafutwa kwenye choo kikubwa. Kwa mkazi wa Kasenyi, kibandiko safi cha damu hakiondoi kichocho hicho, na kibandiko chenye damu hakikithibitishi. Kwa mama wetu, madoa ya picha ya kwanza yalipungua baada ya kujisafisha. Kwa hiyo inaelekea mengi yalitoka ukeni, na jambo hilo litajwe kwenye barua ya rufaa, kwani damu ya ukeni katika wiki ya 34 inahitaji kuchunguzwa.

Glukosi huingia kwenye mkojo pale sukari ya damu inapozidi uwezo wa figo kuirudisha, kwa kawaida karibu miligramu 180 kwa desilita. Mtu mwenye 150 asubuhi kabla ya kula tayari amevuka 126, mpaka wa kisukari, na kibandiko chake kinaweza kuwa safi kabisa. Mjamzito naye figo zake huchuja zaidi, sukari kidogo hupita hata damu ikiwa salama. Alama ya mama wetu haimpi kisukari wala haimwondolei, na kipimo cha sukari ya damu ndicho kitakachojibu.

Vitu viwili vya kawaida hudanganya vibandiko hivi viwili vya mwisho kwa pamoja. Vitamini C nyingi huweza kuficha damu na glukosi. Klorini, ambayo vituo vya Ituri viliizoea sana wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, ikibaki kwenye chombo cha mkojo huweza kuviwasha vyote viwili bila sababu. Chombo kisuuzwe vizuri na kukaushwa, na kikopo cha bandeleti kifungwe mara tu moja inapotolewa, maana unyevu huziharibu kabla ya tarehe iliyoandikwa.

Muuguzi unayetuma picha, andika chini yake mambo manne: saa uliyochovya na saa uliyopiga picha, namna mkojo ulivyokingwa, shinikizo la damu, na wiki za mimba. Shinikizo likiwa juu na kichwa kikiuma, usingoje jibu la picha. Mpeleke mama.