Nne ya Shupaza

Katika meza hii ya briji mkataba ni mizunguko 9 bila turufu. Magharibi ameanzisha kwa malkia wa shupaza, na Kaskazini amelaza karata zake mezani kwa safu nne, akaegemea kiti. Kuanzia hapa kazi yote ni ya Kusini. Mezani kuna mfalme na nne ya shupaza, kopa tatu ndogo, pau tatu ndogo, na safu ndefu ya uru: mfalme, malkia, jeki, kumi, na tano. Kusini mwenyewe ameshika ree, nane na tano ya shupaza. Ree na mfalme wa kopa na mbili ndogo. Ree na mfalme wa pau na mbili ndogo. Na uru mbili tu, tisa na tatu.

Hagusi kitu. Mikono imetulia, macho yanatoka safu hadi safu. Katika mkataba wa turufu angeanza kwa kuhesabu mizunguko atakayopoteza. Bila turufu anahesabu ile aliyo nayo tayari, inayoliwa bila kumpisha adui: shupaza mbili, kopa mbili, pau mbili. Sita. Imepungua mitatu, nayo haiwezi kutoka kwingine ila kwenye uru, kwa sababu ree ya uru ikishatoka, karata zinazobaki mezani ni wafalme watupu kwa heshima.

Wengi huishia hapo, wakafurahi. Yeye anaendelea, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Anajiuliza ni nani mwenye ree ya uru na ataitoa lini. Adui mjuzi hataitoa mara ya kwanza. Ataiweka hadi Kusini aishiwe uru, na Kusini anazo mbili tu. Uru zitakuwa zimekomaa mezani, lakini njia ya kuzifikia itakuwa imefungwa, isipokuwa kwa karata moja: mfalme wa shupaza. Kopa na pau za mezani ni ndogo mno kumpeleka huko.

Kwa hiyo mfalme huyo hatakiwi sasa, atatakiwa baadaye. Wala Kusini hawezi kumwachia adui mzunguko huu wa kwanza, ingawa ni mazoea mazuri bila turufu kuzuia ree ili kukata mawasiliano ya wapinzani. Akiachia, nne ya mezani itatoka, mfalme atabaki peke yake, na shupaza ya pili itamlazimisha kuanguka kabla uru hata moja haijachezwa. Karata iliyo sahihi ni ile inayoonekana duni kuliko zote.

"Nne," anasema, na mwenzake anaisogeza. Mashariki anatoa ndogo, naye Kusini anaila kwa ree kutoka mkononi.

Sasa mkono unakwenda bila kusita. Tatu ya uru kuelekea mezani. Magharibi anatoa nane, mezani mfalme, Mashariki mbili. Nane hiyo ni ishara kwa mwenzake: anayeanza na kubwa ana idadi shufwa. Mashariki naye anahesabu. Mezani tano, kwake nne, kwa mwenzake mbili. Zimebaki mbili kwa Kusini. Ndiyo maana alizuia ree yake raundi moja. Malkia wa uru anafuata, Kusini anatoa tisa, na ree inaanguka juu yake kwa wakati uleule alioutarajia.

Mashariki anarudisha shupaza, na mfalme anakula mezani. Angerudisha kopa au pau isingebadilika neno: Kusini angekula mkononi, kisha angecheza shupaza ndogo kwenda kwa mfalme. Jeki na kumi vinazoa uru mbili zilizobaki kwa Mashariki, na ile tano inakula kama ree. Zikifuata kopa mbili na pau mbili, jumla ni 10.

Uru zingegawanyika tano kwa moja, au hata sita kwa sifuri, bado zingetoa mizunguko mitatu, na 9 ingetimia. Katika utaratibu wa alama alioutunga Harold Vanderbilt mwaka 1925, mizunguko iliyoahidiwa katika mnada ndiyo inayohesabiwa kuelekea gemu, hivyo ile 9 ndiyo ya kulindwa. Wa 10 ni ziada.

Meza ya pili zilichezwa karata hizihizi. Mchezaji wa huko alikula malkia kwa mfalme upesi, akaendelea na uru, na Mashariki akazuia ree kwa namna ileile. Jeki, kumi, na tano vilibaki mezani visifikiwe. Alipata mizunguko 7.