Shura Inapoanza Kumeta

Katika nyuzi 20 za Selsiasi, gramu 100 za maji hushika karibu gramu 32 za shura, yaani nitrati ya potasiamu. Maji hayohayo yakifikishwa nyuzi 60 hushika gramu 110. Chumvi ya mezani haina mbio hizo: nyuzi 20 ni gramu 36, nyuzi 60 ni 37 tu. Ukichora zote mbili, halijoto kwenye mhimili wa mlalo na gramu kwenye mhimili wa wima, chumvi inakaribia kulala huku shura ikipanda kama mlima. Mpando huo ndio unaoifanya shura ifae sana kwa kujifunza namna mchoro wa umumunyifu unavyopatikana, na namna unavyosomwa.

Wengi hudhani kwamba maji hupashwa hadi halijoto fulani, kisha chumvi ikaongezwa kidogo kidogo mpaka ikatae. Njia hiyo inachosha, na ni vigumu kujua imekataa lini hasa. Maabara za shule hugeuza swali. Kiasi cha chumvi kinajulikana tangu mwanzo. Kinachotafutwa ni halijoto.

Pima gramu 8 za shura kavu, zitie kwenye neli ya majaribio pamoja na sentimita za ujazo 10 za maji, ambazo uzito wake ni kama gramu 10. Pasha neli ndani ya maji ya moto hadi punje ya mwisho ipotee, kisha itoe ipoe huku ukikoroga taratibu. Mwanzoni hakuna kinachoonekana. Ghafla vijisindano vinameta ndani ya maji, na hapo hapo unasoma kipimajoto: karibu nyuzi 48. Gramu 8 kwa 10 za maji ni sawa na gramu 80 kwa 100, kwa hiyo nukta yako ya kwanza ni 80 juu ya 48. Ongeza maji sentimita 2.5, pasha tena, poza tena. Sasa ni gramu 64 kwa 100, na fuwele hutokea kwenye nyuzi 40 hivi. Ongeza mara mbili zaidi, sentimita 2.5 kila mara, ufike karibu gramu 46 kwa 100. Fuwele zitasubiri hadi nyuzi 30. Shura haikuongezwa hata chembe, lakini nukta zimepatikana za kutosha kuunganishwa kwa mstari laini.

Kosa kubwa limejificha kwenye kupoza. Mmumunyo ukiachwa umetulia unaweza kushuka nyuzi kadhaa chini ya kiwango chake bila kutoa fuwele, halafu ukazitoa nyingi kwa mkupuo. Dalili ni hiyo: badala ya vijisindano vichache, neli inajaa weupe mara moja, na kipimajoto kinaweza hata kupanda kidogo. Usiandike namba hiyo. Pasha taratibu uone fuwele za mwisho zinapotea kwenye nyuzi ngapi. Namba ya kutokea kwa fuwele na ya kupotea kwake zikikaribiana, nukta ni ya kuaminika. Kosa jingine ni kuchemsha neli kupita kiasi. Maji yakipungua kwa mvuke, fuwele hutokea mapema na nukta huhamia kulia.

Sasa tuusome mchoro. Una gramu 40 za shura iliyochanganyika na gramu 3 za chumvi ya mezani, na umezimumunyisha zote ndani ya gramu 50 za maji kwenye nyuzi 60. Mchoro unasema 110, lakini hiyo ni kwa maji gramu 100. Yako hushika 55, kwa hiyo nafasi bado ipo. Poza hadi nyuzi 20. Pale mchoro unasema karibu 32, nusu yake ni 16, na gramu 24 hivi za shura zinatoka kama fuwele. Chumvi inabaki majini yote, kwa sababu gramu 50 za maji zingeweza kushika 18 na wewe unazo 3 tu.

Hesabu hiyo ni makadirio mazuri tu, kwani kila mchoro ulipimwa kwa chumvi moja peke yake. Isitoshe, fuwele zilizochujwa hubaki na maji yenye chumvi juu yake, na lazima zisuuzwe. Hapo mchoro unaamua tena: gramu 10 za maji ya barafu huondoka na shura isiyozidi gramu 1.3, ilhali maji ya nyuzi 30 yanaweza kuchukua 4.6.

Mwanafunzi anayekosa jibu la swali la namna hii mara nyingi amesoma mchoro sawasawa na kusahau kuirekebisha namba kulingana na kiasi cha maji. Andika uzito wa maji yako pembeni ya karatasi kabla hujagusa mchoro.